Mbuzi Wanaozidi Kilo Thelathini na Tatu

Nimewahi kuwa mwalimu kwa wiki mbili tu, na mwanafunzi wangu alikuwa mmoja. Nilimfelisha.

Tulikuwa tunasoma cheti cha mifugo katika chuo kidogo upande wa Mpwapwa, pale ambapo upepo wa kiangazi unakuletea vumbi mpaka ndani ya daftari. Mimi nilifika na ufaulu wa kubahatisha na ndoto kubwa: niwe na ranchi, nivae gambuti na kofia pana, watu waseme yule kijana anakuja. Yeye alikuwa mwanamke wa karibu miaka arobaini, mama wa watoto watatu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye josho la kijiji, pale mifugo inapoogeshwa dawa ya kupe, huko Chamwino. Ofisi ilimwambia asipoleta cheti, nafasi yake atapewa mwenye nacho. Akafunga mizigo, akaja kukaa darasani na watoto kama sisi.

Nilimwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu, na nikichelewa mazoezi ya zizini aliniita bwana ranchi.

Zizini hakuna aliyemfikia. Alikuwa anamshika mbuzi chini ya kifua, anamnyanyua kidogo, anasema, "Ishirini na sita." Mizani ikija, ishirini na sita na nusu. Sisi tulikuwa tunacheka, tunapiga makofi.

Takwimu ndiyo iliyomshinda. Ilinishinda na mimi pia, kwa hiyo muhula ule wote wawili tulipata sapu, yaani mtihani wa marudio. Tofauti ni kwamba mimi ilikuwa ya kwanza, na yeye alikuwa amekwisha kurudia somo hilo mara moja. Akianguka tena, anadisko. Anarudi nyumbani bila cheti.

Likizo ile ya wiki mbili tukabaki chuoni. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi la bwalo baada ya chai, na kwa bahati mada ya mgawanyo wa kawaida, ule wenye mchoro kama kilima, ilikuwa imeniingia ghafla, nikawa na raha ya mtu aliyeokota kitu. Nilikuwa nimetoa kopi ya jedwali la zedi kutoka kitabu cha zamani cha maktaba. Nikamfundisha hivi:

"Dada, ukiulizwa ni sehemu gani inazidi kiasi fulani, usihangaike. Chukua kiasi hicho, toa wastani, gawanya kwa mkengeuko sanifu. Umepata zedi. Peleka zedi kwenye jedwali. Halafu moja, toa ulichokikuta. Kwisha habari."

"Kwa nini moja?"

"Ndiyo kanuni."

"Naelewa ni kanuni. Nauliza moja inatoka wapi."

Nilikuwa najua. Mchoro ule kama kilima, eneo lake lote ni moja. Jedwali langu lilikuwa linahesabu kuanzia mkia wa kushoto mpaka kwenye zedi, kwa hiyo ukitoa kwenye moja unabakiwa na mkia wa kulia, ndio wale wanaozidi. Ingenichukua dakika tano kumchorea. Lakini wali ulikuwa unanukia, na mimi nikapenda kuonekana mjuzi.

"Dada, mtihani hauulizi kwa nini. Wewe toa tu."

Akacheka. "Haya mwalimu. Moja, toa."

Tukafanya maswali kumi na kitu. Akapata yote. Alifurahi mpaka akampigia mwanawe mkubwa simu palepale, akamwambia mama sasa anajua hesabu.

Siku ya mtihani tulikaa wachache kwenye ukumbi, yeye safu ya mbele, mimi madawati matatu nyuma yake. Swali la lazima lilikuwa la mbuzi. Nikatamani kumgusa bega kwa furaha. Uzito wa mbuzi wa shamba moja umegawanyika kikawaida, wastani kilo ishirini na nane, mkengeuko sanifu kilo nne. Tafuta sehemu ya mbuzi wanaozidi kilo thelathini na tatu. Kisha, kama shamba lina mbuzi mia nne, kadiria idadi yao.

Thelathini na tatu toa ishirini na nane, tano. Gawanya kwa nne, 1.25. Nikafungua jedwali tulilogawiwa, nikitegemea kukuta 0.8944, maana namba ile tuliizoea. Nikakuta 0.3944.

Nikadhani nimekosea mstari. Nikarudi juu kabisa, kwenye zedi ya sifuri. Jedwali langu la bwalo lilikuwa linasema 0.5000. Hili lilisema 0.0000. Hapo nikaona kichoro kidogo cha kilima kichwani mwa karatasi, kimetiwa kivuli kuanzia katikati mpaka kwenye zedi tu. Lilikuwa jedwali la aina nyingine, linaanza kuhesabu katikati. Hapo huanzi na moja, unaanza na nusu: 0.5 toa 0.3944, ni 0.1056. Mbuzi kama arobaini na wawili.

Jibu ni lilelile la jedwali la zamani, ila njia nyingine. Nikaliandika kwa furaha. Ndipo nikainua kichwa nikamwona mgongo wake. Alikuwa anaandika haraka, bila kusita, kama mtu anayetaja uzito wa mbuzi.

Msimamizi alikuwa anatembea katikati yetu. Sikuwa na la kufanya, nikatazama mgongo ule mpaka muda ukaisha.

Nje akanishika mkono. "Mdogo wangu! Moja, toa! Nimepata 0.6056. Mbuzi mia mbili arobaini na wawili."

Nikajifanya natafuta kalamu mfukoni.

"Kwa akili yangu ya josho niliona wengi mno," akasema. "Wastani ishirini na nane, halafu zaidi ya nusu wapite thelathini na tatu? Hao mbuzi wanakula nini? Nikataka kurudia. Lakini nikasema hapana, mwalimu wangu kasema nisiulize."

Akacheka, na mimi nikacheka naye. Kicheko hicho bado kinaniuma kuliko kanuni yenyewe. Akapanda basi kwenda kwao kusubiri matokeo. Njiani akanitumia ujumbe kwamba atachinja kuku.

Matokeo yalichukua wiki tatu. Mimi nilipita. Yeye alipungukiwa alama tatu. Zedi yake walimpa alama, jibu na idadi ya mbuzi hawakumpa. Alama alizokosa kwenye swali lile peke yake zingetosha kumvusha.

Alipokuja kuchukua godoro na ndoo yake nikambebea mpaka kituoni, na hapo nikamwambia yote: majedwali mawili, kilima, nusu na moja, na kwamba nilijua tangu alipotoka mlangoni siku ya mtihani.

Akafuta vumbi kwenye ndoo.

"Kunifundisha vibaya, hilo nakusamehe," akasema. "Hata mimi nimewahi kumchanja ndama wa watu dawa siyo. Lakini siku ile ungeniambia. Mimi nimekwenda ofisini nimewaambia nimefaulu. Nimewaambia wanangu. Wiki tatu nzima nimetembea kijijini kama mtu mwenye cheti."

"Nilikuonea huruma, dada."

"Huruma gani hiyo, mdogo wangu? Ulijihurumia mwenyewe."

Utingo akaita abiria. Akapanda, akakaa upande wa pili wa basi, ule ambao sikuweza kumwona.

Josho sasa lina kijana mwenye cheti. Nasikia dada anafuga kuku nyumbani. Nimempigia mara mbili, anapokea, anaulizia mama yangu, ananitakia masomo mema. Bwana ranchi hajaniita tena.