Ameshuka, Hajafika

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kukabidhiwa ufagio, kulikuwa na siku ambazo ufagio ulining'inizwa juu kwenye paa na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Ni siku ambazo mtu wa nyumbani alikuwa safarini. Kwetu Ringwani, au tuseme kwa Bibi yangu mzaa baba, maana sitaki kuwasemea Wakurya wote, nyayo za msafiri hazikufagiwa. Ukizifagia umemfungia njia: kule aendako hafiki, na huku atokako si kwao tena. Atabaki katikati kama ng'ombe aliyekwama mtoni.

Mama yangu hakuwa na subira na mambo hayo. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Singida, aliyeletwa Ringwani na serikali na kubakizwa na baba yangu. Alisema nyayo ni vumbi, na vumbi ni kikohozi. Nimemrithi mdomo huo. Ndiyo maana naona haya kidogo kueleza kwa nini chumba cha mdogo wangu Chacha, hapa kwangu Mugumu, hakijafagiwa tangu alipoondoka kwenda Tanga.

Chacha ni fundi umeme. Alipata mkataba kiwandani, akapanda basi na begi moja na jiko la gesi, na sote tukafurahi. Kisha zikaanza kuja sauti. Sauti za kurekodiwa kwenye simu, namaanisha. Mwanzoni zilikuwa ndefu: kiwanda, joto, bei ya samaki. Baadaye zikawa fupi. Jumapili moja ilikuja moja ambayo ndani yake hakuna neno, ni feni tu inazunguka, halafu: "Basi tu, dada. Nilitaka kusema kitu nimesahau."

Mtu hasahau hivyo. Nilikaa na simu mkononi nikaandika: "Pole mdogo wangu, utazoea." Nikafuta. Kuzoea ni ahadi ambayo sina mamlaka ya kuitoa. Nikaandika ajiunge na kwaya, afanye mazoezi, atafute marafiki wema. Nilipoisoma ilifanana na bango la zahanati. Nikafuta. Nikaandika: "Rudi." Hilo nililifuta haraka kuliko yote, kwa sababu angeweza kulitii.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi Gati na beseni la bluu.

Gati alikuwa mdogo wa mwisho wa baba, msichana wa vicheko, na alikuwa anakwenda Mwanza kushonea watu nguo katika duka la mtu aliyefahamiana na mtu tunayemfahamu. Asubuhi aliyoondoka ilikuwa imenyesha, na unyayo wake mmoja ukachapika vizuri karibu na mlango wa Bibi, na vidole vyote. Chacha, ambaye alikuwa bado anavaa shati bila suruali, aliingia ndani akatoka na beseni, akaufunika ule unyayo. Kisha akakaa juu yake.

"Wewe mura, unafanya nini?" Bibi akamuuliza. Mura ni kijana, na Chacha aliitwa hivyo tangu yuko mgongoni.

"Kuku."

"Kuku wamefanyaje?"

"Watamparua shangazi."

Bibi hakucheka. Alimletea uji akanywea pale pale juu ya beseni.

Siku hizo simu zilikuwa za watu wachache, na habari za msafiri zililetwa na utingo wa basi. Utingo akapita, akapiga kelele bila hata kushuka: "Gati nimemshusha stendi ya Mwanza, mzima kabisa!" Mama akaushusha ufagio. Kulikuwa na wageni wa kanisa wanakuja kusali kwetu, na uwanja ulikuwa umejaa maganda ya mahindi na kinyesi cha mbuzi.

"Weka chini," Bibi akasema.

"Mama, umesikia mwenyewe. Amefika."

"Nimesikia ameshuka. Kushuka ni kazi ya miguu. Nimeuliza kama amefika."

"Tofauti yake nini?"

Bibi akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchemsha maji. Mtu amefika siku atakapotuma neno la chakula alichokula huko na jina la mtu aliyekula naye. Mtu wa huko huko, si wa kwenu. Kabla ya hapo yuko njiani, hata kama amelala kitandani.

Mama alikuwa na haraka, na nadhani alikuwa na kitu kingine pia, kwa sababu sauti yake ilibadilika. "Na mimi nilipokuja hapa Ringwani, nani kule Singida aliacha kufagia? Walifagia siku hiyo hiyo. Mbona nilifika?"

Bibi akamtazama. "Ulifika kwa sababu nilikuletea ugali wa mtama pale kwenye nyumba ya walimu, nikakaa chini, tukala. Ulilia. Ulisema ni moshi."

Hata hivyo Mama alifagia, maana wageni walikuwa wanakuja kweli. Alizunguka beseni la Chacha bila kuligusa, na hilo ndilo lililokuwa suluhu la ukoo wetu: uwanja safi, duara moja chafu katikati, na mtoto amekaa juu yake. Jioni wageni walipoondoka beseni lilikuwa limeshachukuliwa na mmoja wa wanawake wa kanisa kuoshea vyombo. Chacha alilia mpaka akatapika.

Kila utingo alipopita tulimuuliza habari za Gati, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: anawasalimia, yeye mzima, anauliza ninyi. Nasi tulirudisha: sisi wazima, tunakusalimia. Bibi peke yake ndiye aliyesimama barabarani kuuliza kwa sauti, "Amekula na nani?" Matingo wakacheka, wakaanza kumwita Bibi Amekula. Hakuna aliyelifikisha swali hilo Mwanza. Mtu atafikishaje swali la namna hiyo?

Kabla ya mavuno Gati alirudi. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na mimba, hakuwa amefukuzwa. Majirani walitafuta sababu wakachoka. Alirudi na begi lile lile, amepungua, akakaa jikoni kwa Bibi akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alikuwa analala nyuma ya duka, akila akiwa amesimama, na wenzake walikuwa watu wazuri tu waliofunga duka wakaenda kwao. Nilimsikia akimwambia Bibi jambo moja: "Hakuna aliyenifanyia ubaya. Hakuna aliyenifanyia chochote." Bibi hakusema, "Niliwaambia." Mama naye, tangu siku hiyo, hakufagia mtu akiwa safarini, ila alieleza kwamba ni kwa sababu mgongo unamuuma.

Je, ni ufagio uliomrudisha Gati? Nimesoma vya kutosha kujua kwamba sivyo. Nimesoma vya kutosha pia kujua kwamba salamu zetu zilikuwa ufagio wenyewe. Ukimuuliza mtu "mzima?" umeshamfungia jibu. Hawezi kusema "hapana" mbele ya utingo na basi zima.

Kwa hiyo nilimwandikia Chacha sentensi moja tu: "Umekula nini leo, na nani?"

Alama mbili zikawa bluu. Ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Kisha ikaja sauti.

"Ugali. Mwenyewe. Tena mgumu, dada, na hakuna hata mtu wa kulaumu." Akacheka, kisha zikafuata sauti nyingine, moja baada ya nyingine. Nilimwacha aendelee, bila kumkatiza kwa ushauri, jambo ambalo kwangu ni sawa na kufunga na kuomba. Alisema huko watu wanasalimiana mpaka unasahau ulichofuata. Yeye alifika dukani siku ya kwanza akasema kama tunavyosema sisi, "Lete maji," na muuzaji akarudi nyuma hatua moja. Kazini wanamtania: jamani, Mkurya kaamka vibaya, ficheni mapanga. "Nacheka nao. Ni utani tu. Mchana ni utani." Hakusema jioni ni nini.

Nikamwambia sina dawa. Nikamwambia Jumapili tule pamoja kwa simu ya video: aegemeze simu kwenye sufuria, nami yangu kwenye chupa ya chai. Tumefanya hivyo. Mtandao ukiwa mzuri namsikia akitafuna, ukiwa mbaya anaganda mdomo wazi na tonge mkononi, nami naendelea kula nikimtazama. Wakati mwingine namsikia akipumua vizuri kidogo. Lakini sheria ya Bibi naijua. Mimi ni mtu wa huku. Chakula changu hakihesabiki.

Hicho ndicho kinachonichosha. Mama alifika Ringwani kwa sababu kikongwe mmoja asiyemfahamu aliamua kubeba ugali. Hakuna aliyemtuma kutoka Singida. Siwezi kumtuma mtu Tanga. Naweza kumpigia simu mdogo wangu mpaka salio liishe, na mtu ambaye angemfikisha yuko ng'ambo ya ukuta wa chumba chake, anakaanga samaki, hajui lolote.

Nikamwambia Chacha hivyo hivyo, kwa maandishi, maana kwa sauti ningelia na kusema ni moshi. Nikaongeza kwamba, kama Bibi wa kubeba ugali haji, labda yeye ndiye abebe.

Jana akatuma sauti.

"Dada, nimebeba. Kuna mama mmoja mlango wa pili. Nimempelekea bakuli la kichuri."

Kichuri, kwa asiyetujua, ni mchuzi wetu wa matumbo ya ng'ombe uliokolezwa nyongo. Ni mchungu, ni wa kijani, na tunaupenda kupita kiasi. Katika vyakula vyote vya dunia ambavyo mtu angeweza kumpelekea jirani wa Tanga aliyezoea nazi, ndugu yangu alichagua nyongo.

Nikampigia. "Chacha. Haukuwepo wali?"

"Nilimpa kitu kizuri kuliko vyote, dada. Nimezunguka bucha tatu."

"Akasemaje?"

"Alinusa. Akasema ahsante mwanangu, akapokea, akafunga mlango. Hakunikaribisha. Huku nasikia bakuli la jirani halirudishwi tupu."

Nikaingia chumbani kwake. Vumbi limelala sakafuni kama unga, na karibu na mlango bado uko unyayo wa kiatu chake cha kazi, upande wa kisigino. Nilikuwa nimeshika ufagio, sijui nilikuwa nimekusudia nini. Nikaupiga picha ule unyayo nikamtumia, bila neno.

Yule mtu mzima, fundi mwenye ndevu, aliyewahi kukalia beseni, alijibu papo hapo:

"Usifagie kwanza. Bakuli halijarudi."

Nimeurudisha ufagio juu. Leo asubuhi mfanyakazi mwenzangu alipita kwangu, akachungulia mle ndani, akaniuliza kama nina shida ya mgongo. Nikamjibu ndiyo.