Ursula na Karatasi ya Maziwa

Ursula Mazengo hana haya ya kusema kwamba hapa Mpwapwa karatasi isiyopita mikononi mwake haijakamilika. Mwenyewe hasemi kwa majivuno, anasema kama mtu anayekutajia saa. Alifundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, na sasa ana meza yake katika duka la uchapaji la Asif. Hapo husoma kila kitu kabla mashine haijanguruma: matangazo ya harusi, ratiba za misa, vipeperushi vya mifugo.

Asubuhi hiyo Octavian, afisa mifugo kijana, alileta kipeperushi kuhusu ng'ombe wa maziwa waliochomwa sindano. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, na tafsiri ilifanywa na roboti ya kwenye simu. Jioni hiyohiyo kilitakiwa kiwe kimechapwa, kwa maana kesho yake ni mnada.

"Mama, kimenyooka. Mimi nimekipitia," alisema Octavian.

"Umekipitia au umekitazama?"

Octavian akacheka, akavuta kiti.

Ursula aliziweka karatasi mbili sambamba, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, akashuka nazo mstari kwa mstari. Kilianza na "Niaje mfugaji!" Akakata. Nani atasimama mnadani kumwambia mzee wa watu niaje? Mbele kidogo wafugaji waliambiwa wamwone "afisa wa nyanjani," neno la majirani zetu wa Kenya. Hapa atatafutwa mpaka jua lizame, na kumbe ndiye huyu Octavian. Halafu amri zote zilimwendea "wewe," kana kwamba msomaji ni mtoto aliyetumwa dukani.

Kisha akafika kwenye maziwa, na kalamu ikasimama. Kiingereza kilisema siku za kutokunywa maziwa zihesabiwe baada ya sindano ya mwisho. Kiswahili kilisema tangu ng'ombe aanze kutibiwa.

"Octavian, ng'ombe akichomwa siku kadhaa mfululizo, kwa hesabu hii siku zitaisha mapema na mtoto atakunywa dawa."

Octavian alisoma mara mbili. Hakucheka tena. Akatoa chupa ya dawa mkobani, wakalinganisha na kibandiko chake: sindano ya mwisho.

Wakairudia roboti. Ursula aliamuru Kiswahili cha Tanzania, kisicho cha vijiweni, chenye heshima kwa wazee, na akataja kosa la hesabu ya siku. Ikajibu upesi na vizuri. Niaje iliondoka, siku zikakaa sawa, na mwisho ukasomeka: "Wapendwa wafugaji, mnaombwa kwa heshima kuepuka kutumia maziwa hayo." Ursula alipendezwa. Ndivyo yeye mwenyewe angeandika.

"Tuchape?" aliuliza Asif, mkono tayari kwenye swichi.

"Bado hakijasikika."

Huo ndio utaratibu wake, na habadilishi hata ukimpigia magoti. Mnadani karatasi haisomwi kimyakimya, kijana mmoja huwasomea wazee watano. Basi naye humtafuta msikilizaji ambaye hajaona maandishi, akamsomea, kisha humuuliza kesho atafanya nini. Siku hiyo kwenye benchi alikuwapo mzee Noeli, mfugaji wa Kibakwe, akisubiri kadi za harusi ya bintiye.

"Shikamoo, mzee wangu. Nikusomee kitu?"

"Marahaba, mwanangu. Soma."

Akasoma, taratibu, mpaka mwisho.

"Sasa ng'ombe wako kachomwa sindano. Kesho maziwa yake utayafanyaje?"

"Wameomba vizuri sana," alisema Noeli. "Tutajitahidi. Ila watoto lazima wapate chai ya maziwa."

Ursula aliudhika, na aliudhika na nafsi yake, maana roboti ilifanya kile alichoiambia. Adabu aliyoitaka imegeuza katazo kuwa ombi, na mtu akiombwa anaweza kukataa.

Hakuirudia simu. Alichukua kalamu akaandika mwenyewe, heshima akaiweka kwenye salamu, katazo akaliacha wazi. Octavian akathibitisha kila neno. Ursula akamgeukia tena Noeli.

"Baba zetu na mama zetu, shikamooni. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano hii hayanywewi, hayauzwi, wala mtoto hapewi. Hata yakichemshwa, dawa imo. Hesabuni kuanzia sindano ya mwisho, mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe."

Mzee Noeli akaingiza mkono kwenye koti, akatoa simu yake ndogo, akaisogeza mbali na macho apate kuona namba.

"Yudith," alimwambia mkewe ilipopokelewa. "Yule ng'ombe mwekundu alimaliza sindano jana. Maziwa ya leo mwageni. Ndiyo, yote. Na hayo yaliyo kikombeni mwa mtoto."

Ursula alimtazama Asif, akaitikia kwa kichwa: chapa.