Nilivyomsahihisha Mkenya

Darasa letu la Kiarabu liko Kinoru, juu ya duka la mbolea. Sote ni wanawake tunaojiandaa kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Jana mwalimu alitufundisha kujitaja kwa nchi. Ukichukua Kiniya, yaani Kenya, unatoa iya ya mwisho, unaweka iyy, yaani i na y iliyokazwa, na mwanamke anaongezewa a: kiniyya. Ithiyubiya, yaani Uhabeshi, inatoa ithiyubiyya.

Rafiki yangu wa Runyenjes akasimama. "Ana kiniyya," akasema. Yaani, mimi ni Mkenya.

Alikuwa ameniambia faraghani kwamba babake ni Mhabeshi, na huku kwetu mtoto ni wa babake. Nikasema kwa sauti, nikidhani namsaidia, "Si wewe ni ithiyubiyya?"

Wakala anayetutafutia kazi, aliyekuwa mlangoni, akainua kichwa. "Dada, kitambulisho unacho?" akamuuliza rafiki yangu.

"Bado nasubiri."

Mwalimu alisema jibu lake la kiniyya lilikuwa sawa, kwani mamake ni Mkenya. Lakini wakala alimtoa kwenye orodha ya safari mpaka alete kitambulisho. Simlaumu wakala, hiyo ni kazi yake.

Nilimfuata rafiki yangu ngazini kumwomba msamaha.

"Mama ndiye alinilea peke yake," akasema, "na wewe ulijua."

Nilijua.