Tano Juu ya Kumi na Sita

Nilinunua matikiti mawili ya ukubwa mmoja sokoni Bunda, nikakata kila moja vipande vinane vilivyo sawa. Nilitaka video yangu ya kufundishia hesabu za sehemu iwe safi, kwa sababu afisa elimu wa kata alikuwa anakuja kuitazama na darasa la nne kabla ya kuituma shule zote za kata. Mwalimu mwenzangu aliwahi kukosea hesabu ubaoni, nikamcheka mwezi mzima. Mdomo wangu unajulikana.

Siku ikafika. Mfano wa papai ulikwenda vizuri: robo moja kujumlisha robo mbili, watoto wakasema robo tatu kabla yangu. Afisa akatabasamu. Ukaja wa tikiti: mtoto amekula tatu juu ya nane ya tikiti lake, dada yake amekula mbili juu ya nane ya lake. Jumla wamekula kiasi gani cha tikiti moja? Sauti yangu kwenye video ikasema, "Sasa fanya mwenyewe," saa ikaanza kuhesabu dakika moja.

Hapo ndipo nilipokumbuka sinia. Wakati wa kurekodi nilipanga juu yake vipande vyote pamoja ili vipendeze, nikavihesabu kumi na sita, nikaandika kumi na sita chini. Nilijumlisha mpaka asili, ile namba ya chini! Kila kipande ni moja juu ya nane ya tikiti, kwa hiyo jibu ni tano juu ya nane. Mtoto wa darasa la nne anajua.

Kompyuta ilikuwa karibu, ningeweza kuizima. Sikuizima. Niliogopa kalamu ya afisa, niliogopa kucheka kwa yule mwenzangu. Dakika ikaisha, na sauti yangu ikasema kwa madaha, "Tano juu ya kumi na sita." Nikamtazama afisa. Akatikisa kichwa kukubali.

Nimepona, nikajiambia.

Kisha nikamwona msichana wa dawati la mbele akichukua ufutio. Alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Nikainama.

"Mbona unafuta?"

"Nimekosa, Mwalimu. Nilikuwaga nimeandika tano juu ya nane."

Nyuma yake dawati zima lilikuwa linafuta. Mficha uchi hazai, husema watu, lakini mimi nilikuwa nimeuficha wangu ndani ya madaftari ya watoto. Nikasimama, nikazima video.

"Video imekosea," nikasema. "Hapana. Mimi ndiye niliyekosea. Jibu ni tano juu ya nane."

Afisa alianza kuandika kitu, na sikuthubutu kumtazama. Yule msichana aliangalia tundu kwenye daftari lake, kisha akaniangalia mimi.

"Sasa Mwalimu, kesho tukiona hesabu yako na yetu hazifanani, tufute ipi?"

Nikampa chaki aende ubaoni, atuoneshe alivyoipata tano juu ya nane.