Mninga Unaokufa Kila Kiangazi

Mara ya mwisho nilipofika Chunya nyumbani kwa wifi yangu, mjane wa kaka yangu, alianza kwa kunitazama viatu. "Umekuja na viatu vya ofisini," alisema. "Haya, vumbi letu litakutambua." Mkoba wangu hakuupokea. Kaka alipofariki, sisi wa Iringa tulitaka azikwe kwetu. Yeye alisimama mlangoni akasema mume wake hatoki Chunya, na hakutoka. Tangu siku hiyo hatukuwahi kusemezana bila kuumana. Yeye hakuusahau ushindi wake, nami sikumsamehe. Nilikwenda kwa ajili ya binti yao tu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu.

Mtoto alinishika mkono kabla sijakaa, akanipeleka nyuma ya jiko. Hapo, ndani ya duara la mawe, kilisimama kijiti kikavu chembamba kama unyasi wa ufagio. Ulikuwa mninga ambao yeye na baba yake waliupanda kwa mbegu. Kila masika ulitoa majani, kila kiangazi ukakauka mpaka chini. Baba yake aliuona ukikauka mara ya kwanza, hakuwepo tena uliporudi.

"Shangazi, mama anasema safari hii umekufa kabisa. Anataka kujenga bani hapa."

Bani ni banda la kukaushia tumbaku, na tumbaku ndiyo iliyokuwa ikimlisha mtoto huyo. Sikuweza kulidharau bani. Lakini niliyaona yale mawe, yamepangwa na watu wawili, baba na mtoto, makubwa upande mmoja na madogo upande wa pili, nikajua kinachotaka kufukuliwa.

Alasiri ile wifi alikaa barazani akichambua maharage. Mimi na mtoto tulikaa kwenye mkeka, mbali naye kiasi cha kuonyesha kwamba hatukuwa pamoja. Nilimsimulia mtoto hadithi niliyokuwa nimeitunga njiani.

"Palikuwa na mbegu," nilianza, "iliyolala ndani ya tunda lenye umbo la sahani. Ukingoni lilikuwa jembamba kama karatasi, na katikati lilijaa miiba kama nywele ngumu. Upepo ulilikokota tunda hilo mpaka chini ya nyasi. Mbegu ikasema, 'Nimefika, sasa niwe mti.' Ardhi ikaijibu, 'Bado ganda lako ni gumu, maji hayawezi kuingia.'"

"Ardhi inasema!" wifi alidakia. "Huko chuoni ndiko mlikofundishwa hayo?"

"Moto wa nyasi ukapita," niliendelea kama sikusikia, "ukaliunguza ganda bila kuifikia mbegu. Kisha mvua ikanyesha. Mbegu ikanywa maji, ikavimba, ikapasuka. Ikadhani kitu cha kwanza kutoka kitakuwa jani. Hapana, ulitoka mzizi, ukaelekea chini gizani. Ndipo kichipukizi kikapanda juu, na majani mawili ya kwanza, yaliyobeba akiba ya chakula, yakafunguka. Majani mengine yalipoota yakaanza kupika chakula kwa mwanga wa jua, kwa maji na kwa hewa."

"Bila sufuria?" mtoto aliuliza.

"Bila sufuria. Na sehemu kubwa ya chakula hicho ikateremshwa kwenye mzizi. Kiangazi kilipokuja, majani yakaanguka na shina likakauka. Mbegu ikalia, 'Nimekufa!' Mzizi ukaiambia, 'Kilichokufa ni kijiti tu. Mimi nimenenepa.' Masika yalipofika mbegu ikatoa kijiti kingine, nacho kiangazi kikakauka tena. Ikawa hivyo miaka mingi, juu panaonekana pale pale, chini panaongezeka. Mpaka mwaka mmoja mzizi ukawa na akiba ya kutosha, ukasukuma shina lililopanda upesi na halikukauka tena. Likavaa gome nene ambalo moto haukuliweza, na kila mwaka likajiongezea tabaka jipya la ubao chini ya gome. Hapo ndipo mbegu ilipojua kwamba ilikuwa inakuwa mti tangu siku ile ya mzizi."

Wifi alisukuma ungo pembeni. "Umemaliza? Sasa nisikilize wewe msomi. Wewe kesho unarudi Mbeya kwenye kazi yako. Mimi ndiye nitakayebaki na huyu akilia kila kiangazi, 'Mama, mti umekufa! Mama, mti umefufuka!' Baba yake hakufufuka. Mfundishe hilo kwanza."

"Sikusema habari za baba yake."

"Husemi habari nyingine kila ukija hapa."

Mtoto ndiye aliyesimama. "Mama, chimba pembeni. Usikate. Kama mzizi ni mkavu, jenga bani."

"Umesikia mwenyewe, wifi," mama yake aliniambia huku akinyanyuka. "Mkavu, bani. Na hadithi zako usirudi nazo hapa."

Alikwenda kuchukua jembe. Nilikuwa nimefundisha baiolojia miaka mingi, na tabia hiyo ya mninga niliijua vizuri. Lakini sikuwahi kufukua hata mmoja. Si kila mche hurudi. Mchwa hula, ukame huua, na hadithi yangu haikusema neno juu ya mche ulioshindwa. Kama huu ulikuwa umekufa kweli, mtoto angejua siku hiyo hiyo kwamba shangazi yake alimdanganya, na mama yake ndiye aliyemwambia kweli.

Wifi alianza kwa hasira, udongo ukaruka mpaka kwenye sketi yangu. Kisha, sijui kwa nini, akapunguza. Ardhi ilikuwa ngumu. Akaliacha jembe, akapiga magoti, akachimba kwa panga taratibu, akiuzunguka mzizi kama anayetafuta kiazi asichotaka kukikwangua. Kijiti cha juu kilikatika kwa kuguswa tu. Mtoto alikitazama kikianguka, akaziba mdomo kwa viganja.

Chini ya kijiti hicho, mzizi ulikuwa mnene kuliko kifundo cha mkono wa mtoto, nao ulizidi kuteremka pale panga lilipokoma.

Wifi akaukwangua kidogo kwa ncha ya panga. Utomvu ukajitokeza, mwekundu mzito kama damu, ukatiririka taratibu juu ya chuma.

"Una damu," mtoto alisema kwa sauti ya chini.

"Nauona. Mimi si kipofu." Akafuta panga kwenye nyasi. Halafu akarudisha udongo kwa mikono yake miwili, akaushindilia, akayarudisha mawe. Nilipoinama kumsaidia, alinipiga kikumbo cha kiwiko. "Acha. Hujui yalivyokaa."

Kweli sikujua. Yeye aliyapanga upya bila kukosea, makubwa upande huu, madogo upande ule.

"Bani nitalisogeza kule kwenye kichuguu," alisema akisimama. "Na usijivune, wifi. Sikufanya kwa ajili ya ardhi yako inayosema."

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

Kesho yake niliondoka, na safari hiyo pia hakuna aliyenibebea mkoba. Mvua zilipoanza, mtoto alinipigia kwa simu ya mama yake. Kichipukizi kimetoka, alisema, kinene kuliko cha mwaka jana, lakini bado hakijafika gotini.

Nyuma yake nikaisikia sauti ya wifi, kali kama siku zote: "Mwambie shangazi yako, kiangazi mti utakufa tena!"

"Ndiyo, mama," mtoto alimjibu, wala hakulia. "Kijiti kitakufa."