Picha Ambayo Haikupigwa

Mama yangu si mtu wa kelele. Akikataa jambo hulikataa mara moja, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi, kisha hurudi kwenye shughuli zake, na wewe unabaki umesimama na hoja zako mkononi. Hivyo ndivyo alivyokataa mtoto wa mdogo wangu apigwe picha.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kiunga, nafundisha, na niliyasikia yote nilipokuja nyumbani Lamu likizo ya Desemba. Mdogo wangu alikuwa amejifungua mwezi wa Oktoba, mtoto wa kike, wa pili baada ya mvulana wake. Mwezi huo huo mumewe aliamua kuijaza ile bahati nasibu ya viza ya Marekani. Shemeji yangu huyu ni fundi umeme, mtu mpole, anayesoma maelezo ya kila kitu hata ya dawa ya mbu. Alikuwa amekwisha kuhakikisha kwamba anastahili. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zinazoruhusiwa, na kinachotazamwa ni nchi uliyozaliwa, si unayoishi. Yeye amezaliwa hapa hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Elimu waliyoitaka ni ya sekondari nzima, naye alimaliza kidato cha nne. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na hamu zaidi. Tangu utotoni alitaka kusomea uuguzi, akakwama njiani, akaolewa, na ndoto yake akaikunja kama shuka akaiweka. Shemeji alipomwambia kwamba huko angeweza kusoma, aliikunjua.

Wakapiga picha ukutani, palipopakwa chokaa nyeupe. Mdogo wangu alivua miwani, kwa sababu miwani haitakiwi. Mtandio aliruhusiwa kubaki nao, mradi uso wote uonekane. Mvulana akapigwa naye, baada ya kupewa biskuti ili atulie. Ilipofika zamu ya kichanga, Mama akaingia kati.

Kwetu mzazi na mtoto hukaa ndani siku arubaini. Mtoto haonyeshwi ovyo, na picha yake haitoki, kwa sababu kijicho, mato ya husuda kama tunavyosema Lamu, hakibishi hodi. Kawaida ni kama sheria, na kwa mama yangu hilo neno "kama" unaweza kulifuta.

Alimwambia shemeji, "Mwana hayatoka nde, wewe wataka kumpeleka Amerika? Mato ya watu hayana pazia. Akitoka arubaini, mtamuongeza."

Shemeji akahesabu, akaona arubaini itaisha baada ya mlango wa maombi kufungwa. Akaona pia, mahali fulani katika maelezo, kwamba mtoto anayezaliwa baada ya maombi kutumwa anaweza kuongezwa baadaye. Akili yake ikamwambia kwamba mtoto ambaye hajatoka nje ni kama hajafika vizuri duniani. Mama mkwe amekwisha kusema, na mkwe wa Lamu habishani na mama mkwe juu ya arubaini. Akatuma maombi ya watu watatu. Akapewa namba ya uthibitisho, akaiandika, akaipiga picha, na akamkabidhi mkewe naye aihifadhi.

Barua pepe ilikuja mwezi wa Februari. Shemeji alinitumia kwenye simu bila maneno, kisha akanipigia kuniuliza kama nimeiona. Juu kulikuwa na bendera na ndege yule wa Marekani, jina lake kamili lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, na maneno ya pongezi yalikuwa mengi kuliko ya harusini. Wamechaguliwa. Watume ada ya viza ya kila mmoja kwa njia ya kutuma pesa, kwa wakala aliyetajwa, haraka, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Mimi ni mwalimu, na ubaya wa kazi hii ni kwamba ukiona maandishi unatafuta kosa kabla ya kutafuta maana. Nikayafungua maelezo ya serikali yao yenyewe, nikayasoma yote usiku ule. Kila kitu kilikuwa wazi. Hawamwandikii mtu barua pepe kumwambia ameshinda. Mshiriki mwenyewe ndiye anayeingia kwenye tovuti yao, kuanzia mwezi wa Mei, akaweka namba yake ya uthibitisho na kuona jibu. Anwani zao huishia kwa herufi za serikali ya Marekani, na hii iliishia kwa kitu kama duka la viatu. Na ada ya viza hulipwa ubalozini, siku ya mahojiano, wala haitumwi kwa wakala yeyote.

Nikamwambia shemeji kwamba hao ni wezi. Akacheka, na mimi nikamtania kwamba alikuwa karibu kuwajengea nyumba ya ghorofa. Barua ile niliichapisha, nikawasomesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu namna mwizi anavyovaa kanzu ya imamu. Lilikuwa somo zuri. Niliporudi nyumbani nikaitia nakala hiyo kwenye droo.

Lakini usiku ule wa kusoma niliona na sentensi nyingine, na tangu hapo sikulala vizuri. Ilisema kwamba mwombaji lazima aorodheshe mke na watoto wake wote wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka ishirini na mmoja, hata kama hawatasafiri naye. Asipomtaja mtoto aliyekuwa amekwisha kuzaliwa, anakosa sifa. Anayeruhusiwa kuongezwa ni yule anayezaliwa baada ya maombi kutumwa. Mtoto wetu alikuwa amezaliwa kabla. Alikuwa chumba cha pili, amelala na wanja usoni, wakati baba yake anabonyeza kutuma.

Nilimwambia shemeji, naye akamwambia mkewe. Hakukuwa na la kufanya. Maombi yakishatumwa hayarekebishwi, na hata mlango ungekuwa wazi, anayetuma mara mbili anafutwa kwa zote mbili. Tukajifariji kwamba wanaoomba ni watu wasio na idadi, nani atatuchagua sisi wa Lamu. Sikuwahi kabla ya hapo kumwombea ndugu yangu asipate kitu.

Mwezi wa Mei shemeji aliingia kwenye tovuti mwenyewe, akaweka namba, jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa. Akachaguliwa. Safari hii ilikuwa kweli, pale pale panapostahili, na namba ya kesi juu yake.

Nilimwona mdogo wangu akilia jikoni huku anakuna nazi, na sikujua analia furaha au nini. Nilipomuuliza aliniambia hajui na yeye.

Kuchaguliwa si kupata viza. Wanachagua watu wengi kuliko viza zilizopo, na unangoja namba yako ifikiwe, na mwaka wao wa serikali ukimalizika mwisho wa Septemba bila wewe kupewa, basi imekwisha. Walijaza fomu ndefu ya viza, na humo wakamtaja mtoto wa kike, kwa jina lake na tarehe yake ya kweli. Mtu mmoja mwenye duka la kompyuta huku mjini aliwaambia kwamba cheti cha kuzaliwa kinaweza kusogezwa mbele wiki chache, na mambo yakawa sawa. Shemeji alikataa. Mdogo wangu naye akakataa, na nakumbuka maneno yake kwa sababu aliyasema bila kunyanyua kichwa.

"Dada, nikianza kwa kumbadilisha mwanangu siku yake, huko nitakuwa nimekwenda na mtoto wa nani?"

Mama hakuambiwa kuhusu ile sentensi. Alijua tu kwamba wamechaguliwa, na akaanza kumsomea mjukuu wake dua za safari. Mdogo wangu naye akaanza kugawa vitu kidogo kidogo: kinu kwa jirani, mapazia kwa wifi yake. Nilikasirika, nikamwambia asubiri. Akanijibu kwamba akingoja hatakuwa na moyo wa kwenda. Nadhani alikuwa anamlazimisha Mungu kwa adabu.

Walikwenda Nairobi wote wanne. Walipimwa hospitali, yule mtoto wa kike naye akapimwa, akapasua sikio la daktari kwa kilio. Siku ya mahojiano walilipa ada ubalozini, kama maelezo yalivyosema. Shemeji alinisimulia baadaye, na alisimulia kama anasoma bili ya stima. Afisa alikuwa kijana, mwenye heshima. Aliangalia vyeti vyao vya elimu, akaridhika. Akaangalia cheti cha mtoto, akaangalia kompyuta, akarudi kwenye cheti. Akauliza kwa nini huyu hakutajwa mwanzo. Shemeji akamweleza habari ya arubaini, yote, na kijana yule akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anasikitika, sheria hairuhusu jambo hilo, na akawapa karatasi ya kukataliwa. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake muda wote, anaichezea kamba ya mkoba.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walirudi Langoni katika nyumba isiyo na mapazia. Kazi ya kumweleza Mama wakaniachia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Nilipanda ngazi nikiwa na ukweli mdomoni. Nilimkuta amekaa kitandani, amempakata yule mtoto, anamchana nywele kwa mafuta ya nazi. Aliniuliza kosa lilikuwa nini. Nikamtazama mkono wake ule mzee, jinsi ulivyokuwa unapita kichwani mwa mtoto taratibu, na nikajua kwamba nikimwambia, mkono huo hautapita tena hivyo. Nikamwambia kwamba waliowachagua walikuwa wezi, na ubalozini ndipo ilipogundulika. Nikashuka, nikafungua droo, nikamletea ile barua ya Februari yenye bendera na ndege, nikamsomea kwa Kiswahili neno kwa neno. Aliamini. Barua ile ilitengenezwa iaminiwe, na waliofanya kazi hiyo waliifanya vizuri.

Miaka imepita. Mdogo wangu anauza vitambaa vya kutarizi na hazungumzii uuguzi. Hawakuomba tena; mumewe anasema kila Oktoba kwamba watajaribu, na Oktoba hupita. Binti yao sasa anasoma Kurani chuoni vizuri kuliko kaka yake, na anajua, kama mtaa mzima unavyojua, kwamba zamani wazazi wake walitapeliwa na watu wa mtandao.

Mama huwalaani wale watu kila Ijumaa, baada ya Yasini. Mwezi uliopita tulikuwa wote sebuleni, na msichana alikuwa amesimama mlangoni anafunga mtandio wake. Bibi yake alimtazama kwa muda mrefu, akatabasamu, akamgeukia mdogo wangu.

"Wale wevi walitwaa kila kitu," alisema, "lakini shukuru Mola huyu hatukuwapa sura yake. Wangalimwiba na yeye."

Mdogo wangu alisema, "Kweli, Mama." Akainuka, akamfunga binti yake mtandio vizuri, akampeleka chuoni.