Marahaba Isiyokuwa Yangu

Mama alitulea Mwanza kabla ya kurudi Rwanda, na hadi leo, hapa kwangu Remera, asubuhi yake haianzi mpaka asikie shikamoo. Binti wa kaka yangu, aliyezaliwa Kanada, alipokuja kwa wiki moja, alitoka chumbani siku ya kwanza macho kwenye simu. Akamwambia Mama: "Hey, Grandma! What's up?"

Mama, asiyejua Kiingereza, akanigeukia. Nami bila hata kupepesa nikasema, "Anasema shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu, ila alikuwa ananitazama mimi.

Nikauendeleza uongo huo siku nne, nikijiona mkalimani hodari. Siku ya tano Mama akaniita jikoni. "Wewe unanisalimia mara mbili kila asubuhi. Yeye hajanisalimia hata mara moja. Jumapili anaondoka. Kwa umri wangu huu, unadhani nitamwona tena?"

Niliona aibu, na kusema kweli nilikasirika pia, maana ni mimi niliyetakiwa kurekebisha mambo. Nikamfundisha binti neno lenyewe. Kesho yake akalitamka vizuri kabisa, akiwa amejilaza kwenye kochi, na kabla Mama hajamaliza kuitikia, akarudi kwenye simu yake. Mama akainuka akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilimpa neno, sikumpa adabu yake. Jioni nikamketisha, nikamwambia asalimie kwa Kiingereza chake hichohicho. Simu ibaki chumbani. Umfuate alipo, usimsubiri akufikie. Hiyo "hey" na "what's up" ni za rafiki zako. Sema "Good morning", na usiache kutaja Grandma, kwa sababu cheo chake ndicho kinachobeba heshima. Muulize amelalaje. Akikupa mkono, upokee, na mkono wako wa kushoto ushike kiwiko cha kulia. Kisha unyamaze, usubiri amalize.

"Na kama sielewi anachojibu?" akauliza.

"Subiri tu. Kusubiri ndiyo salamu yenyewe."

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Binti akaenda, mikono mitupu, akasimama mbele yake. "Good morning, Grandma. How did you sleep?"

Nikafungua kinywa kutafsiri. Mama akaninyamazisha kwa kiganja, kisha akampa binti mkono huohuo. Binti akaupokea kama nilivyomwelekeza.

"Marahaba, mwana wanjye," akasema, akimwita mwanangu kwa Kinyarwanda.

Akamweleza habari za goti lililomsumbua usiku, mbwa wa jirani, na mvua iliyogoma kunyesha, mara Kiswahili, mara Kinyarwanda. Binti hakuelewa hata neno. Alisimama pale, mkono wake ungali mkononi mwa bibi yake, mpaka alipomaliza, na hakuna aliyeniuliza kilichosemwa.